Boda mbili, mafuta, spea na leseni: nikadirie vipi kodi ya 2025 kabla ya tarehe 20 Aprili?

Boda_Kitengela

Wadau wa mahesabu, habari zenu. Nina pikipiki mbili, zote lojibuku zina jina langu. Moja naiendesha mwenyewe, nyingine nimempa kijana. Ananiletea 350 kila jioni na mafuta anajiwekea. Hiyo yangu huingiza kama 2,100 kwa siku kabla sijatoa chochote, siku 25 kwa mwezi. Ukijumlisha na ya kijana, mwaka mzima ni 735,000.

Jamaa wa stejini ananiambia mwaka huu lazima nilipe kodi kwa awamu nne na ya kwanza inafika tarehe 20 mwezi huu. Nimepiga hesabu ya gharama za mwaka: mafuta ya pikipiki mbili 270,000, spea na fundi 44,000, bima na stika ya kaunti na leseni 16,000, mkopo wa pikipiki ya pili 96,000 (nalipa 8,000 kwa mwezi), chakula cha barabarani 60,000, faini 10,000. Ya kwanza niliinunua 2023 kwa 140,000, ya pili Januari mwaka huu kwa 180,000.

Nikitoa zote nabaki na 239,000. Hiyo iko chini ya 288,000, kwa hivyo naona KRA hawanidai kitu. Niko sawa?

Mwiki_Express

Unajisumbua bure kaka. Biashara ndogo ni TOT, 3% ya kila kinachoingia. 735,000 mara 3% ni 22,050. Igawe kwa miezi 12, lipa kila mwezi kabla ya tarehe 20, kwisha. Mambo ya kutoa mafuta ni ya kampuni.

Mizani_na_Debe

Mwiki, kiwango ni hicho na tarehe ni hiyo, ila mtu uliyempa siye. Tangu Julai 2023 TOT ni ya mwenye mauzo yanayozidi milioni 1 kwa mwaka mpaka milioni 25. Huyu ana 735,000, hajafika mlangoni. Yeye anabaki kwenye kodi ya mapato ya kawaida, na huko ndiko mafuta na spea hutolewa. Mwenye TOT ndiye asiyetoa hata plagi moja.

Kitengela, upande wako sasa. Hesabu yako ina mambo manne ambayo ofisa akifungua jalada ataanza nayo.

Mafuta. Umeandika ya pikipiki mbili, lakini umesema kijana anajiwekea. Gharama ni ya aliyelipa. Ya pili yafute, ubaki na 135,000 ya pikipiki unayoendesha. Na hiyo 135,000 ina mantiki: tuseme lita ni 180, hiyo ni lita 750. Boksa 150 ikienda kilomita 40 kwa lita, ni kilomita 30,000 kwa mwaka, yaani 100 kwa siku ukifanya siku 300. Mtu wa boda anakubalika hapo. Ungeacha zile 270,000 kwa pikipiki moja, ungekuwa unasema unazunguka kilomita 200 kila siku na kuingiza 2,100 tu. Hakuna anayeamini hilo, na ukiulizwa oili ulibadilisha mara ngapi ndipo unashikwa.

Mkopo. 8,000 za kila mwezi si gharama yote. Ndani yake kuna kurudisha pesa ya watu na kuna riba. Kinachotolewa ni riba peke yake. Mwambie aliyekukopesha akupe taarifa ya mkopo inayotenganisha hizo mbili.

Chakula ni chako, ungekula hata usingeendesha boda. Faini ya trafiki haitolewi, na ile "chai" ya barabarani usiithubutu hata kuiandika.

Ila umesahau kitu kikubwa kwa upande wako: uchakavu wa pikipiki zenyewe. Bei ya pikipiki huitoi mwaka mmoja, unatoa 25% kwa mwaka, kiasi kilekile, miaka minne. Ya 140,000 inakupa 35,000 na mwaka huu ni wa tatu wake. Ya 180,000 inakupa 45,000. Jumla 80,000 ambayo hukuiandika kabisa.

Tuambie riba ni ngapi ndipo tumalize.

Boda_Kitengela

Asante mzee. Nimepiga simu, wananitumia karatasi. Riba ya mwaka huu inakaribia 30,000, nyingine ni kurudisha pesa yao.

Mizani_na_Debe

Basi iko hivi.

Zinazoingia 735,000. Toa mafuta 135,000, spea na fundi 44,000, bima na leseni 16,000: unabaki na 540,000. Toa uchakavu 80,000: 460,000. Toa riba 30,000: 430,000. Hiyo ndiyo faida inayotozwa kodi.

Kodi ya 288,000 za kwanza ni 10%, yaani 28,800. Inayofuata 100,000 ni 25%, yaani 25,000. Zinabaki 42,000 kwa 30%, yaani 12,600. Jumla 66,400. Ondoa nafuu ya mtu binafsi ya 28,800 kwa mwaka, unabaki kudaiwa 37,600.

Kwa hivyo hukuwa sawa uliposema huna deni. Lakini na jamaa wa stejini naye hakuwa sawa. Awamu ni za mtu ambaye kodi yake ya mwaka inafika 40,000. Wewe kwa hesabu hii hujafika, basi tarehe 20 Aprili haikuhusu. Unalipa 37,600 yote kwa mpigo kufikia 30 Aprili 2026, na fomu unajaza kabla ya 30 Juni 2026.

Weka namba moja kichwani: 438,000. Faida ya mwaka ikifika hapo, kodi baada ya nafuu ni 40,000 kamili. Wewe uko 8,000 tu chini yake. Uko pembeni kabisa mwa mstari, na kinachoweza kukusukuma upande wa pili ni risiti.

MamaSpea_Ruiru

Hapo kwa risiti naomba niongeze, kwa sababu vijana wengi hawajui. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, yaani ile ya kielektroniki inayopitia mfumo wa KRA, haikubaliki kutolewa kwenye kodi. Si kitabu cha risiti kutoka duka la vitabu, si ujumbe wa M-Pesa. M-Pesa inaonyesha pesa imetoka, haionyeshi umenunua nini.

Tena ukinunua cheni na sproketi, tairi au breki, taja PIN yako ya KRA kabla muuzaji hajabonyeza. Ikishatoka bila PIN yako hiyo ni risiti ya mtu yeyote aliyepita dukani. Wengi hurudi kesho yake wakitaka ibadilishwe, na dukani ni lazima ile ya kwanza ifutwe kwa hati ya kurudisha kisha itolewe mpya. Muuzaji mwenye foleni hatafanya hivyo kwa ajili ya kebo ya klachi.

Mizani_na_Debe

Hapo ndipo hesabu yote inaposimama. Kitengela, tuseme mafuta ya 60,000 uliyaweka bila kutaja PIN, au ni ya chupa pale kibandani. Faida inapanda kutoka 430,000 hadi 490,000. Juu ya 388,000 kuna 102,000 kwa 30%, yaani 30,600. Jumlisha 25,000, na ile 28,800 ya kwanza inafutwa na nafuu, kodi ni 55,600. Pesa umetumia ileile, kilomita zilezile, ila kodi imeongezeka 18,000, na sasa umevuka 40,000 kwa hivyo ni mtu wa awamu: 13,900 mara nne.

Lita tano kwa mpigo badala ya mia mbili mia mbili husaidia sana. Mtu anayeweka ya 200 mara tatu kwa siku hawezi kutaja PIN mara tatu. Anayejaza jioni mara moja, kituo kilekile, anaitaja mara moja.

Riba na uchakavu haviko kwenye sharti la eTIMS. Kwa riba shika taarifa ya mkopo, kwa uchakavu shika mkataba wa kununua na lojibuku.

Kijana_wa_Deni

Mimi ni ule upande mwingine. Sina pikipiki, nakodisha, namlipa mwenye pikipiki 400 kila siku. Hiyo 400 naweza kuitoa? Mwenyewe hana mambo ya eTIMS na nikimtajia KRA ananinyang'anya funguo.

Mizani_na_Debe

Ni gharama halali kabisa ya kupata mapato yako, kwa siku 300 ni 120,000. Shida ni ankara. Tangu 27 Desemba 2024 sheria inakubali mnunuzi amtolee ankara muuzaji mdogo, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 5 kwa mwaka. Kwa hiyo wewe unaianzisha kwenye eTIMS kwa PIN yako na yake, yeye anaikubali. Lakini lazima awe na PIN na lazima akubali. Bila hayo haikamiliki. Mweleze kwamba pesa hiyo ni mapato yake hata kama hakuna karatasi, na yeye ana uchakavu wa kutoa. Akikataa, hakuna njia ya pembeni.

Hii inamhusu na Kitengela kinyumenyume: 350 anazoletewa, kijana wake ana haki ya kuomba ankara. eTIMS Lite ipo hata kwa simu ya mulika mwizi, *222#. Si lazima kila jioni, mnaweza kukubaliana ya mwezi mzima.

FundiWaKona

Na fundi je? Wengi wetu chini ya mti hatuna PIN ya biashara. Mtu anatengenezewa injini analipa 6,500 anaenda.

MamaSpea_Ruiru

Fundi, PIN ni ya mtu, hakuna ya biashara peke yake kama hujaandikisha kampuni. Ukiwa nayo, mteja anakutolea ankara kama ile ya mwenye pikipiki. Ila wengi wanafanya hivi: wanagawa kazi. Pistoni, ringi, gasketi na oili ananunua mteja mwenyewe dukani kwa PIN yake. Fundi analipwa ufundi tu. Kwenye hiyo 6,500, vitu ni kama 4,500 na ufundi 2,000. Ukikosa ankara ya fundi unapoteza 2,000 badala ya zote.

Ubaya huja fundi anaponunua spea mwenyewe na kukuletea bei moja ya jumla. Risiti ya duka inakuwa ya kwake au ya hewa.

Mwiki_Express

Sawa, nimekubali ya TOT. Lakini kuna ile kodi ya awali ya magari ya abiria. Boda nayo si inabeba abiria? Ukilipa ile ndio unapata leseni, kisha inakatwa kwenye ya mwisho wa mwaka.

Mizani_na_Debe

Ile ipo, ila ni ya matatu, mabasi, teksi za magari, pikapu na malori. Jedwali linataja tani na idadi ya abiria wa gari. Pikipiki haimo. Anayekuomba pesa ya kodi ya awali ya boda, mwombe kwanza PRN, ile namba ya malipo inayotolewa na KRA.

Tabata_Boda

Wakuu, mimi niko Dar. Nimefuata hesabu hii vizuri ila naona kwetu haiendi hivi. TRA waliniambia mafuta hayatolewi.

Mizani_na_Debe

Karibu kaka, lakini hesabu hii ni ya Kenya, usiibebe kuvuka Namanga. Tanzania mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 yuko kwenye makadirio, faida haitazamwi. Ndiyo maana mafuta hayakusaidii. Anzisha uzi wako, wapo wa huko watakaokujibu kwa viwango vya sasa.

Boda_Kitengela

Turudi kwangu. Risiti za Januari hadi leo nyingi hazina PIN. Nafikiri nitavuka 40,000. Nilipe awamu vipi, na nikikosea makadirio?

Mizani_na_Debe

Tarehe ni 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba, kila moja robo. Una njia mbili za kupata kiasi. Ya kwanza ni makadirio ya mwaka huu, kama tulivyofanya: 55,600 kwa nne. Ya pili ni kodi ya mwaka jana ukiongeza 10%. Kama mwaka jana ulidaiwa 50,000, ni 55,000, kwa nne ni 13,750. Mwenye biashara inayopanda hupenda ya pili kwa sababu hana cha kubashiri. Inayobaki anaimalizia 30 Aprili mwaka unaofuata. Wewe umeongeza pikipiki Januari, kwa hivyo kama mwaka jana ulijaza fomu kwa usahihi, itazame hiyo kwanza.

Makadirio si kiapo. Kila tarehe ikikaribia, piga upya hesabu ya mwaka mzima, chukua sehemu inayopaswa kuwa imelipwa, toa ulichokwisha lipa. Mfano: umelipa 13,900 mbili, jumla 27,800. Agosti pikipiki moja imefungua injini, na umeanza kutaja PIN kwa bidii, makadirio mapya ya kodi ni 44,000. Kufikia Septemba ulipaswa kuwa na robo tatu, 33,000. Unalipa 5,200. Desemba unamalizia 11,000.

Ukichelewa ni 5% ya kiasi cha awamu na riba ya 1% kwa kila mwezi. Kwa 13,900 ni 695 palepale, halafu 139 kila mwezi. Haiui mtu, ila ikikaa miezi minane kwenye awamu tatu unaanza kuisikia.

Kulipa: ingia iTax, sajili malipo, kichwa cha kodi ni Income Tax, chagua ya mtu binafsi, halafu aina ya malipo iwe ya awamu na mwaka uwe 2025. Utapewa PRN. M-Pesa, Paybill 222222, namba ya akaunti ni hiyo PRN. Wengi wanakosea kwenye aina ya malipo na mwaka. Mtu anachagua Self Assessment Tax au anaacha 2024, pesa inaingia KRA vizuri, lakini mwaka wa 2025 unaonekana haujalipwa. Ukijaza fomu mwakani, kile kisehemu cha awamu zilizolipwa kinakuja kitupu. Pakua leja yako wiki moja baada ya kulipa, uone imekaa wapi.

Kijana_wa_Deni

Na mwenye faida ya chini ya 288,000? Mimi nikitoa 120,000 ya kukodisha na mafuta nabaki kama 210,000.

MamaSpea_Ruiru

Hudaiwi kodi, lakini fomu unajaza. Usijaze ile tupu ya sifuri, maana una mapato. Jaza ya mapato yenyewe na gharama, kodi itoke sifuri. Kutojaza kwa mtu binafsi ni 2,000 au 5% ya kodi, ile kubwa ndiyo unayolipa.

FundiWaKona

Swali la leseni bado. Ya kuendesha, daraja A3, ukilipa ya miaka mitatu unaitoa yote mwaka huu au unaigawa?

Mizani_na_Debe

Mimi huigawa. Ukilipia miaka mitatu, theluthi moja kila mwaka, kwa sababu inasaidia mapato ya miaka hiyo yote. Bima ya pikipiki ni ya mwaka, inaenda yote, isipokuwa umekata katikati ya mwaka na unataka usahihi wa miezi.

MamaSpea_Ruiru

Mimi sikubaliani. Kiasi chenyewe ni kidogo, na ofisa niliyemwona anapitia hesabu za duka hakuuliza hata kidogo. Wengine wanauliza hata kama leseni ya kuendesha ni ya biashara au ni ya mtu, kwa sababu unaweza kuendesha nayo Jumapili kwenda kanisani.

Mizani_na_Debe

A3 ni ya boda na wasambazaji, hiyo ya Jumapili haina uzito sana. Lakini ya kugawa au kutogawa, sawa, watu wanafanya yote mawili. Ninachojua hakika ni kwamba risiti ya eCitizen au ya kaunti lazima iwe na jina la mwenye PIN. Stika ya kaunti iliyolipwa na mwenyekiti wa stejini kwa wanachama ishirini kwa mpigo, risiti ina jina lake, haimsaidii Kitengela.

Boda_Kitengela

Lo. Yetu ya mwaka huu ndiyo ililipwa hivyohivyo. Nimtafute mwenyekiti atoe orodha?

FundiWaKona

Orodha yenye sahihi yake, majina na namba za pikipiki, uishikanishe na nakala ya risiti. Ikikubaliwa au isikubaliwe itategemea ofisa. Kama haijafika 1,500 mimi ningeiacha tu nikimbizane na mafuta.

Boda_Kitengela

Sawa wazee. Kwa sasa nakadiria ile ya juu, nalipa 13,900 Jumamosi hii ili nisipitwe na tarehe 20, Juni narudi na leja na risiti za PIN tuone kama nimeshuka chini ya 438,000.

Mizani_na_Debe

Ukishuka Juni, acha kulipa ya pili. Hiyo 13,900 haipotei, itakaa kama pesa yako iliyotangulia KRA na itakatwa kwenye kodi ya mwisho. Na usingoje Jumamosi yenyewe usiku, iTax huwa nzito siku ya mwisho; PRN itoe leo hata kama pesa utatuma kesho.